Kamera Haijui "-ngali-"

Kama ulifanya KCSE miaka ile Chozi la Heri kilipokuwa riwaya ya lazima, bado unaikumbuka sura ya kwanza, hata kama uliapa kuisahau siku ulipoweka kalamu chini. Ridhaa amesimama. Mbele yake kuna moshi. Nyumba imeteketea, mkewe Terry na jamaa zake wameteketea ndani yake, na mwanawe Mwangeka yuko mbali, Mashariki ya Kati, akilinda amani ya watu wengine. Ridhaa anasimama, anafikiri, na kurasa zinapita. Shuleni tulijifunza kuyapa mambo haya majina: mbinu rejeshi, uzungumzi nafsia, maswali ya balagha. Ukiyataja na kutoa mfano, alama unazo.

Sasa hebu chukua sura hiyohiyo uifanye filamu ya dakika tisa, kwa simu mbili na maiki moja ya kubana kwenye shati, uone uzungumzi nafsia unapigwaje picha.

Hiyo ndiyo kazi ambayo mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukiifanya tangu mwanzo wa mwaka. Shida yake ni rahisi kuieleza. Ukiondoa mawazo ya Ridhaa kwenye sura ile, kinachobaki ni mwanamume amesimama. Ukiyaacha yote na kumpa mtu ayasome juu ya picha, umetengeneza kitabu cha kusikiliza chenye picha ya moshi. Katikati ya hizo mbili ndimo filamu ilimo, na kuipata inabidi uamue, wazo baada ya wazo: hili litakuwa picha, hili litakuwa tendo, hili atalisema, hili linatoka kabisa.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza, kwa kalamu za rangi. Nilitoa kopi ya sura, nikawa napaka njano kila kinachoonekana. Haikusaidia sana, kwa sababu ukikaa na sentensi kwa muda, kila kitu kinaanza kuonekana. Huzuni inaonekana. Majuto yanaonekana. Mwigizaji akikunja uso hivi, akashika tama hivi, basi watu wataelewa. Manze, hawataelewa. Watamwona mtu amekunja uso.

Kilichonifungua macho ni vitenzi. Sicheki. Ile sarufi tuliyoilaani Form Three ndiyo iliyonipangia filamu. Nilirudi kwenye kopi nikaacha kuuliza "hili linaonekana?" nikaanza kuangalia kiambishi kilichokaa tumboni mwa kitenzi. Kwa sababu mawazo ya mtu hayaji kwa namna moja. Mengine yanakumbuka: alifanya, walisema. Mengine yanazungumzia mazoea: huja, huketi. Mengine yanasema kitu hakipo. Na mengine, haya ndiyo mabaya, yanasema: ningalijua. Kamera inayamudu makundi haya kwa viwango tofauti kabisa, na kundi la mwisho haliwezi hata kidogo.

Tuanze na "hu-", kwa sababu hapo ndipo nilipopata picha ninayoipenda kuliko zote.

Katika riwaya, Ridhaa hakuvamiwa na watu wa kutoka mwezini. Jirani yake, Mzee Kedi, yumo. Watu waliokaa pamoja miaka, na uchungu wa sura unategemea miaka hiyo. Lakini kamera inapiga siku moja. Nikionyesha Ridhaa na Kedi wakinywa chai pamoja, mtazamaji anaona chai moja. Haoni "hunywa". Njia ya kawaida ya kuonyesha mazoea ni kurudia: chai, chai tena wakiwa na nguo tofauti, chai tena mvua ikinyesha. Mara tatu ndiyo akili ya mtazamaji inakubali kwamba huu ni mtindo wa maisha. Kwa filamu ya saa mbili, sawa. Kwa dakika tisa, hapo umekula karibu dakika nzima kwa kiambishi kimoja.

Mwenzetu mmoja aliyekulia shamba ndiye aliyesema: "Kwani ua halina pengo?" Kila boma lenye jirani mzuri lina pengo kwenye ua, na kwenye pengo kuna kijia. Nyasi hazifi kwa sababu mtu amepita jana. Zinakufa kwa sababu watu hupita. Kile kijia cheupe, chembamba, kinachotoka mlango wa jikoni wa huyu hadi mlango wa jikoni wa yule, ni "hu-" iliyochorwa chini. Tulikipiga jioni, kamera ikiwa chini usawa wa goti, sekunde nne, mtoto anapita na bakuli lililofunikwa. Hakuna anayesema neno. Halafu asubuhi ya moto tunarudi palepale, kamera ilipokuwa, na kijia kimekuwa kipana. Ua limelala pande zote mbili. Udongo umejaa nyayo.

Sikuhitaji kuonyesha nani alikuja na panga wala nani alibeba petroli. Waliingilia mlango ambao Ridhaa mwenyewe aliwaachia miaka yote. Kumbuka lakini kwamba picha ya pili haina maana yoyote bila ile ya kwanza, na ile ya kwanza ikiwa fupi sana mtu haikumbuki. Tulijaribu sekunde mbili. Watu tuliowaonyesha hawakuliona pengo kabisa, walimwona mtoto tu. Sekunde nne, kamera imetulia, ndipo walipolishika.

Kanuni hiyohiyo inashika kundi la pili, la kukanusha. "Hawapo" ni neno rahisi kuandika na gumu kupiga picha, kwa sababu kamera inaonyesha vilivyopo tu. Ukipiga chumba kitupu, umeonyesha chumba kitupu, si watu waliokosekana. Kinachokosekana lazima tukione kwanza kikiwepo. Kwa hiyo usiku wa kuamkia msiba tunaonyesha kandambili mlangoni, jozi tano, moja ndogo ina kamba ya bluu iliyofungwa kwa waya kwa sababu ilikatika. Asubuhi, kwenye majivu, kuna mpira mweusi ulioyeyuka na kipande cha waya. Hatuonyeshi mwili hata mmoja. Hilo tuliliamua siku ya kwanza na sijawahi kulijutia. Riwaya yenyewe inaita nchi yake Wahafidhina, lakini hakuna Mkenya anayeisoma bila kufikiria uchaguzi wa Desemba 2007 na zaidi ya watu 1,100 waliouawa baadaye. Huwezi kujua nani amekaa mbele ya skrini yako na aliona nini akiwa na miaka sita.

Kumbukumbu, zile za "-li-", ndizo ambazo kila mtu anadhani ni rahisi. Si una mbinu rejeshi? Picha inafifia, rangi inakuwa ya kahawia kama chai ya rangi, tuko utotoni. Katika sura hii kuna kumbukumbu moja ambayo bila hiyo huna Ridhaa: akiwa mtoto mgeni shuleni, mwenzake anamwita "mfuata mvua". Mhamiaji. Mtu aliyekuja akifuata mvua mahali ambapo si kwao. Nyumba inapoungua miaka mingi baadaye, neno lile linakuwa limetimiza safari yake.

Kuipiga ile shule kungehitaji watoto wasiopungua kumi na watano, sare zinazofanana, ruhusa ya shule, na siku nzima. Hatukuwa na hizo. Lakini hata tungekuwa nazo, nisingeipiga. Ukimtoa mtazamaji kwenye majivu ukampeleka uwanjani penye jua, umempa mapumziko. Ridhaa hana mapumziko. Kumbukumbu haimtoi pale aliposimama, inamjia palepale.

Kwa hiyo tuliipa sikio. Kamera inabaki kwenye uso wa Ridhaa wa leo. Kwanza unasikia upepo, mabati yakilia, mbwa mbali. Halafu, chini sana, watoto wakicheza, kama vile kuna shule ng'ambo ya kilima. Mtazamaji anadhani ni kweli. Kisha tunatoa upepo, tunatoa mabati, tunatoa mbwa, polepole, mpaka wanabaki watoto peke yao. Sikio linaelewa kabla akili haijaelewa: dunia ya nje imezimwa, kwa hiyo sauti hii iko ndani ya kichwa. Na ni shule gani iliyofunguliwa siku kama ile? Ndipo mtoto mmoja anasema, bila kupiga kelele, karibu kwa utani: "Mfuata mvua." Kimya cha sekunde mbili. Upepo unarudi.

Mtoto aliyeisema ni binamu yangu wa miaka tisa. Tulirekodi mara saba. Alipoisema kwa ukali ilikuwa maigizo ya shule. Alipoisema akicheka, wote chumbani tulinyamaza.

Mtu ataniuliza uso wa Ridhaa unafanya nini wakati huo. Karibu hakuna. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kule Urusi, Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji, usioonyesha chochote, akaupanga kabla na baada ya picha za vitu tofauti: sahani ya supu, maiti jenezani. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha huzuni. Uso haukubadilika, walioujaza ni wao. Ndiyo maana nilimwomba mzee wetu asilie. Ukilia, umemaliza kazi ya mtazamaji.

Nimesema mzee wetu. Anayeigiza Ridhaa ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, anauza vipuri vya magari, na jioni huigiza na kikundi cha kanisani. Tulimpata kwa sababu ya uso. Hatukujua kwamba mwaka 2008 naye aliwahi kusimama mbele ya majivu yake. Alitwambia siku ya kusoma skripti, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya plagi.

Nilikuwa nimeandika kwamba Ridhaa anapiga magoti, anaokota majivu, yanampenya vidoleni. Unaijua hiyo shoti, umeiona mara mia. Mzee akasoma, akavua miwani.

"Kijana, hii ni nzuri. Lakini mtu hafanyi hivi."

"Anafanya nini, mzee?"

"Mimi nilipanga mabati."

Akatueleza. Mabati yalikuwa yameanguka ovyo, yamejikunja. Akaanza kuyatoa moja moja na kuyaweka kando, marefu na marefu, mafupi na mafupi, kana kwamba fundi anakuja mchana. Hayangeweza kutumika tena. Bati likishaungua rangi yake inageuka. Alijua. Aliendelea kupanga. Mpaka mtu akamshika mkono akamwonyesha kwamba viganja vimeungua.

Hilo ndilo nililoita tendo, na naona ndilo gumu kuliko yote kulivumbua ukiwa mezani. Wazo la Ridhaa hapo, ukilitafuta kitabuni, ni akili inayokataa kukubali. Ukiliandika kama hotuba litachukua nusu ukurasa. Mwanamume anayepanga mabati yasiyofaa kwa urefu ni wazo lilelile, na unaweza kulitazama dakika nzima bila kuchoka kwa sababu unasubiri aache. Tulilipiga dakika moja na sekunde kumi, bila kukata. Mabati tuliyanunua kwa muuza vyuma chakavu, tukayachoma wenyewe siku mbili kabla ili yapoe vizuri. Moshi ulikuwa nyasi mbichi kwenye ndoo nyuma ya ukuta. Na kwa kuwa Ridhaa ni daktari, mwishoni anageuza viganja na kuviangalia jinsi daktari anavyoangalia mikono ya mgonjwa. Hiyo mzee aliiongeza mwenyewe siku ya kupiga.

Sasa tufike kwa "-ngali-".

Ridhaa anajilaumu. Usiku wa kuamkia siku ile bundi alilia, na mlio ule haukumpa utulivu. Kila Mkenya anajua nyanya yake angesema nini kuhusu bundi. Mlio wenyewe si tatizo: unaweka bundi juu ya picha ya chakula cha jioni, wote wanaendelea kula, Ridhaa peke yake anaacha kutafuna. (Bundi wengi walio kwenye maktaba za sauti za bure ni wa Ulaya na Marekani. Tafuta wa huku. Mtu wa shamba atakushika papo hapo.) Wasiwasi unapigika. Kisichopigika ni majuto ya baadaye: ningaliondoka nao usiku ule.

Mhariri wetu, ambaye namheshimu sana kwenye kompyuta, alitaka tuyaonyeshe. Ridhaa anaamka, anaamsha watoto, wanatoka gizani wakishikana mikono. Tuliipiga, ni picha nzuri, ina mwezi. Tukaiweka na kuwaonyesha watu sita. Wanne waliuliza swali moja: "Kwani hawakufa?" Na wako sahihi. Kila kitu kamera inachokionyesha inakionyesha kwa "-li-" au "-na-". Walitoka. Wanatoka. Haina kiambishi cha kusema kilichokuwa kitokee kikakosa kutokea. Unaweza kuweka ukungu, kupunguza kasi, kubadili rangi, lakini hapo mtazamaji anafanya hesabu badala ya kuumia. Kiswahili kinamaliza kazi hiyo kwa silabi mbili katikati ya kitenzi. Kwa hiyo hapa, na hapa tu, nikakubali sauti ya msimulizi: ile unayoisikia bila kuona mdomo ukisonga.

Nilikuwa na maneno karibu 90. Kwa kusoma bila haraka, mzee alitumia zaidi ya sekunde 50, na nusu yake yalikuwa maswali: kwa nini mimi, nimemkosea nani. Akasoma mara mbili, akasimama akauliza, "Naongea na nani?"

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Sauti ya msimulizi isiyo na wa kuambiwa huwa inageuka kuwa hotuba kwa taifa. Tukajaribu nafsi yake: ikawa mashairi. Tukajaribu Mungu: ikawa mahubiri, na mzee anayajua mahubiri vizuri mno. Mwisho tukasema, Mwangeka. Kijana yuko ng'ambo na hajui. Kuna siku baba huyu atalazimika kumweleza, na sasa hivi, akiwa amesimama, anatafuta jinsi ya kuanza. Hilo halimo kitabuni, ni letu. Lakini mara tu alipopata mtu wa kumwambia, maswali yote ya balagha yalianguka yenyewe, kwa sababu baba hamuulizi mwanawe "kwa nini mimi". Yalibaki maneno 24:

"Mwangeka, mwanangu. Usiku ule bundi alilia, nikamfukuza kwa jiwe. Ningalikuwa mtu wa kuamini bundi, leo ningalikuwa nakusimulia habari nyingine. Mama yako alisema tulale. Tukalala."

Tulirekodi ndani ya gari lililofungwa vioo, maiki shubiri moja kutoka mdomoni, mzee akiongea kama mtu aliye upande wa pili wa meza. Sekunde 19. Jiwe hatukulionyesha popote, na hilo ni makusudi: sauti ikirudia picha, moja wapo haina kazi. Nina jaribio langu. Tazama kipande bila sauti, kisha kisikilize umefumba macho. Ukielewa kila kitu kwa njia moja, ile nyingine ifute.

Kilichobaki kilikuwa kuamua macho yaone nini wakati wa zile sekunde 19. Uso wake? Tulijaribu, ikawa kama kipindi cha maombi. Mwishowe tuliweka kile kijia, kipana, ua limelala, nyayo. Mdomo unajilaumu kwa ajili ya bundi, na macho ya mtazamaji yako kwenye njia waliyopita watu. Yeye anatafuta kosa kwake mwenyewe. Wewe unaliona liko wapi. Hapo, naona, ndipo filamu yetu inapofanya kitu ambacho ukurasa unakifanya kwa njia nyingine kabisa.

Kuna kilichotoka. Mazungumzo anayoyakumbuka na bintiye Tila kuhusu uhuru, yale ambayo kila mwanafunzi aliyaandikia insha, hayamo. Ni hoja, na hoja inahitaji watu wawili walioketi na muda wa kutosha. Nimeyabakisha kwa namna moja tu: kandambili yenye kamba ya bluu ni ya msichana.

Na kabla hujauliza kiungo, hakuna. Haki ya kuigeuza riwaya kuwa filamu ni ya mwenye kazi, na hilo limo katika sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001. Tumeandika kuomba ruhusa, tunasubiri. Kwa sasa imeonwa sebuleni kwetu na watu wasiofika ishirini.

Mzee aliitazama mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama. Aliomba kitu kimoja: tuwapunguze wale watoto sauti kidogo zaidi, wawe mbali zaidi, kabla ya yule mmoja kusema. Tumewapunguza.